Chupa Mbili za Sukari

Nje ya chumba cha dharura cha hospitali ile palikuwa na benchi refu la mbao chini ya bati, na wafanyakazi waliliita Bungeni, kwa sababu kila aliyekaa pale alikuwa anaongea sana, hakuna aliyemsikiliza mwenzake, na jioni ikifika hakuna kilichoamuliwa. Hapo ndipo walipowekwa walevi. Karani wa mapokezi akinusa tu, anaandika ULEVI kwa herufi kubwa kwenye kadi, na ukishaandikwa hivyo, hata kama umevunjika shingo utasubiri kwanza ulevuke. Ilikuwa amri ya mganga mkuu, bwana mwenye kiyoyozi, sofa mbili na kibao cha jina kinachokaribia kuuzidi mlango wenyewe, ambaye mara ya mwisho kumgusa mgonjwa ilikuwa siku alipompa mkono waziri mwenye mafua.

Aliyekuwa akiyasema hayo, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye sofa, ni mzee mmoja aliyeitwa Machela. Jina lake la kadi walikuwa wamelisahau wote. Miaka kumi na tisa alikuwa anasukuma wagonjwa kutoka getini kwenda wodini, na wengine kutoka wodini kwenda kule nyuma ambako hawarudi. Shule aliiacha darasa la nne, lakini alijua kila kona ya hospitali na kila dhambi ya wakubwa wake. Mke wake alifia humo humo, miaka minne iliyopita, akisubiri kipimo. Mashine ya kipimo ilikuwepo. Ilikuwa imefunikwa shuka, inasubiri kuzinduliwa. Tangu siku hiyo Machela akawa mgane mwenye mdomo mchungu, na ukimuuliza saa ngapi atakujibu kwamba saa ya ukutani ililiwa na kamati ya manunuzi.

Katika upande wa mkewe alibakiwa na mtu mmoja tu, shemeji yake, kaka mdogo wa marehemu. Watu walimwita Mita, maana alisoma mita za maji kwa miaka thelathini, na kichwa chake kilikuwa daftari. Nyumba yoyote utakayotaja, Mita angekuambia namba ya mita yake, ilisoma ngapi mwezi uliopita, na kutokana na hizo tarakimu, nani ndani ya nyumba ile anaoga na nani anajipaka mafuta tu. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa, watoto Machela na mkewe hawakujaliwa. Kwa hiyo habari za marehemu alipokuwa msichana, alivyomtia mwalimu kifaranga mfukoni, alivyokimbia na viatu vya padri, zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kichwa cha Mita. Jumapili mbili kwa mwezi Machela alikwenda kukaa naye ili asimuliwe tena yale yale.

Ubaya ni kwamba kichwa hicho kilikuwa kinaloweshwa pombe kali kila siku iliyoamka. Mita alipostaafishwa, kiinua mgongo kilichelewa, na yeye akaona asikisubiri akiwa na kiu. Alikunywa asubuhi ili mikono itulie, mchana kwa sababu ilikuwa imetulia, na jioni kwa furaha. Kula akaacha. Chakula, alisema, kinachukua nafasi.

Jumatano moja Machela alimkuta sakafuni kwake, amekonda, anatapika maji matupu. Akambeba akampeleka nyumbani kwake yeye Machela, akamfungia pombe kabatini. Alhamisi Mita alilalamika kwamba bomba la uani limekuwa mawili na yote yanavuja. Machela akacheka, akamwambia afadhali yawe mawili maana moja halitoi maji. Ijumaa Mita alikuwa anatembea ametanua miguu kama mtoto aliyejiharibia nguo, anashika ukuta, na ukuta ukiisha anakaa chini. Jumamosi alfajiri akamwita Machela kwa jina la bosi wake wa zamani, akamripotia kwamba mtaa wa juu ameshaumaliza. Mikono ilikuwa inatetemeka. Machela akafungua kabati, akamnywesha nusu glasi ya ile ile pombe ili atulie, kisha akaenda hospitali kuchukua machela yake ya kazi, akarudi akamlaza juu yake, akamsukuma barabara nzima mpaka getini. Watu walivua kofia. Mita akawapungia mkono, na mama mmoja akakimbia.

Karani hakuinua hata kichwa. Pua yake ilitosha. ULEVI, Bungeni.

Kwa mtu mwingine hapo ndipo safari ingeishia. Machela hakuwa mtu mwingine. Miaka yote alikuwa anaona walevi wakubwa wakubwa, wale wanaofahamiana na mganga mkuu, wakipitishwa mlango wa pembeni na kutundikiwa chupa ya maji ya sukari, na jioni wanaondoka wanapiga mluzi. Sukari ilikuwa heshima. Maskini walilala bila chupa. Basi akaona leo na yeye ana mtu wake. Daktari wa zamu, kijana mmoja peke yake kwa hospitali nzima, alikuwa chumba cha upasuaji. Muuguzi aliyebaki alikuwa amezungukwa na majeruhi wa pikipiki. Machela akaingia, akachukua chupa kabatini, akamwambia muuguzi yule, binti mdogo, kwamba daktari ameshaagiza, amchome shemeji yake haraka. Uongo huo aliutoa bila kupepesa. Binti alimwamini, maana Machela ndiye aliyemwonyesha vyoo siku ya kwanza. Hakumpima Mita sukari, hakumpima chochote. Akachoma sindano, akarudi kwa majeruhi.

Chupa ya kwanza ilipoisha, Machela akatundika ya pili kwa mkono wake, akakaa pembeni amekunja miguu kama mwenye shamba. Alijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu afiwe, hospitali ile ilikuwa imemfanyia jambo.

Saa sita mchana Mita alikuwa hajui yuko wapi. Asubuhi alikuwa anachanganya majina, sasa alikuwa hachanganyi kitu, ametulia tuli kama mtu anayesubiri basi lililofutwa. Macho yalikuwa yanachezacheza pembeni, yanarudi, yanachezacheza tena. Machela alimwita, akajibu ndiyo. Akamuuliza kama anamjua, akajibu ndiyo. Akamuuliza kama yeye ni papa wa Roma, akajibu ndiyo.

Machela akaenda kwa karani. Karani akasema mlevi ndivyo alivyo, amwache alale. Wabunge wenzake Mita pale benchini wakaunga mkono hoja, na mmoja akaomba chupa ikibaki apewe yeye.

Zamu ya mchana iliingia na sista mmoja mfupi, karibu kustaafu, ambaye wauguzi walimwita Kiberiti kwa jinsi alivyokuwa mdogo na alivyokuwa akiwaka. Yeye alikuwa na tabia moja iliyomkosesha vyeo: kila alipoingia zamu alianzia Bungeni. Alipita mtu baada ya mtu, alipofika kwa Mita akasimama. Akamwinulia kidole mbele ya uso, akamwambia akifuate kwa macho. Kidole kilikwenda kulia, macho yakafuata nusu ya njia kisha yakaanza kutikisika kama sindano ya mita mbovu. Akamsimamisha, yeye na Machela wakimshika huku na huku. Mita akatanua miguu, akayumba, akawaangukia wote wawili. Sista akamuuliza yuko wapi. Mita akasema kwa adabu kwamba yuko ofisi ya maji, na kwamba mama huyu akilipa leo hatakatiwa.

Sista akasoma kadi. Akauliza mgonjwa amekunywa lini mara ya mwisho. Karani akajibu kutoka dirishani kwamba leo, ananuka.

Machela alijua maana ya swali lile kuliko karani. Akisema leo, shemeji yake atabaki mlevi na atalala pale mpaka Jumatatu. Akisema Jumatano, ataulizwa hiyo harufu imetoka wapi, na hiyo chupa nani kaiagiza, na huyo binti wa watu ataitwa ofisini, na yeye mwenyewe atapoteza kazi miaka miwili kabla ya pensheni. Kwa miaka minne alikuwa anatafuta mtu wa kulaumiwa katika jengo lile na hakuwahi kukosa. Akatazama mlango wa mganga mkuu. Ulikuwa umefungwa, Jumamosi bwana mkubwa alikuwa kwenye harusi. Lawama ilifika mlangoni pale, ikakosa mwenyeji, ikarudi.

"Hajanywa tangu Jumatano, sista," alisema. "Leo nimempa nusu glasi mimi, atulie. Wiki nyingi hali chakula. Na hiyo sukari hakuiandika daktari. Nilidanganya. Hiyo ni chupa ya pili."

Sista alifunga bomba la chupa kabla hajamaliza sentensi.

"Mzee Machela," alisema, "huyu hajalewa. Huyu ubongo wake unakufa njaa, na wewe umemwongezea kazi."

Akamweleza huku anafungua droo moja baada ya nyingine. Kuna vitamini, B1, thayamini kwa jina la kitabuni. Ndiyo inayousaidia mwili kuigeuza sukari kuwa nguvu. Mwili hauwezi kuiweka akiba zaidi ya wiki chache. Mlevi hali, na hata kidogo anachokula, pombe inauzuia utumbo usiinyonye, na ini lililochoka halishiki akiba yoyote. Ikipungua sana, sehemu ndogo za katikati ya ubongo zinaanza kuharibika, zile zinazoongoza macho, zinazosawazisha miguu, zinazoandika kumbukumbu. Ndiyo maana mtu anaona viwili, anayumba, anachanganyikiwa, na kila mwenye pua anasema kalewa. Na kila sukari unayoiingiza inahitaji vitamini hiyo ichomwe. Kama amebakiwa na kichembe, sukari inakimaliza. Sukari ya mtu ikiwa imeshuka, alisema, huwezi kumnyima, lakini B1 inatangulia au inaongozana nayo. Haifuati siku ya pili.

"Na mkimpa sasa?"

"Macho yatarudi. Miguu, tutaona. Kumbukumbu usiniulize. Kila saa ina hesabu yake."

Droo zilikuwa tupu. Dawa za sindano zilikuwa stoo, na stoo ilikuwa imefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amepelekwa kwenye semina ya siku tatu kuhusu upatikanaji wa dawa. Vidonge vilikuwepo kopo zima, lakini sista akasema utumbo wa mlevi ni mlango uliofungwa, kidonge kitabisha hodi mpaka kichoke; sasa inatakiwa ipite kwenye mshipa. Kisha akapiga paji la uso. Wodi ya wazazi. Wajawazito wanaotapika wiki kwa wiki wanaishiwa na vitamini hiyo hiyo, kwa hiyo mkunga huwa anajiwekea akiba, maana hana imani na stoo.

Machela alikimbia. Alikuwa na miaka hamsini na nane na goti moja lililogoma, akakimbia akiwa anaisukuma machela tupu mbele yake kwa mazoea, na watu wakampisha wakidhani kuna maiti amedondoka njiani. Mkunga alimtazama kutoka juu ya miwani, akauliza mama mwenyewe ana miezi mingapi.

"Ana miaka hamsini na sita," Machela alisema akihema. "Ni shemeji yangu, na ana ndevu."

Mkunga alimpa vichupa vyote alivyokuwa navyo.

Dawa iliingia taratibu kwenye mshipa, ikiwa imechanganywa na maji ya chumvi, ya sukari yamewekwa pembeni. Daktari kijana alipotoka upasuaji, damu ya mtu mwingine bado ikiwa kwenye viatu, alisikiliza, akampima Mita macho upya, akasema sista amefanya sawasawa, waendelee mara tatu kwa siku kwa siku kadhaa, wampime na madini mwilini ambayo yakikosekana dawa yenyewe haifanyi kazi. Kuhusu uongo wa Machela alisema ataandika kama ulivyo. Akaandika. Binti wa zamu alinusurika. Machela alihamishiwa chumba cha kufulia, barua ikiwa na mhuri na sahihi ya mganga mkuu, sahihi nzuri, inaonekana ndiyo aliyosomea. Ulevi haukufutwa kwenye kadi. Mganga mkuu alisema kufuta kungeharibu takwimu.

Jumapili macho ya Mita yalikuwa yametulia. Machela aliona akashukuru, akaanza hata kumtukana karani kwa mbali. Siku ya nne Mita alijua ni hospitali. Wiki ya pili alisimama mwenyewe, miguu bado imetanuka, akatembea kutoka kitanda mpaka dirishani kama mtu aliye kwenye sakafu yenye mafuta. Alikula kila alicholetewa. Alizungumza vizuri, sauti ile ile, utani ule ule. Machela akafikiri wameponea chupuchupu.

Kisha akatoka kwenda chooni, akarudi, na Mita akamsalimu upya, akamuuliza amefika saa ngapi.

Ikawa hivyo. Chochote ulichomwambia kilikaa dakika chache, kisha kikamwagika. Na mahali palipobaki pengo Mita hakusema sijui, alijaza. Ukimuuliza asubuhi amefanya nini, anasema amesoma mita mtaa mzima wa sokoni, jua lilikuwa kali, mbwa wa mwalimu amemng'ata. Alisema kwa utulivu wote, akikuonyesha mahali alipong'atwa. Hakuwa anadanganya, sista alisema. Ubongo wake unashona viraka na yeye mwenyewe anavaa nguo hiyo akiamini ni mpya. Akiacha pombe kabisa, akila, akiendelea na vitamini, baadhi ya kumbukumbu hurudi kwa miezi, kwa miaka. Baadhi hazirudi.

Cha ajabu, ya zamani yalikuwepo. Namba za mita za miaka ishirini iliyopita alikuwa nazo. Kifaranga mfukoni kilikuwepo, viatu vya padri vilikuwepo. Alichopoteza ni miaka ya karibuni. Machela alikuwa ameogopa kwamba marehemu atafutika ndani ya kichwa kile. Hakufutika. Kilichofutika ni kifo chake.

"Dada yuko wapi?" Mita aliuliza, siku ya kwanza baada ya kurudi nyumbani kwa Machela. "Mbona hujaja naye?"

Machela akamwambia ukweli. Mita alilia kama mtu aliyefiwa muda ule ule, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nusu saa baadaye akapangusa macho, akatazama mlango, akauliza dada yuko wapi. Machela alimzika mkewe mara tatu siku hiyo. Siku ya pili akasema ameenda sokoni, akajichukia mpaka usiku, maana na yeye alianza kusikiliza mlango.

Sista Kiberiti alipokuja kuwatazama alisema hakuna haja ya kumuua kila siku wala kumfufua. Amuulize habari zake, amwache azungumze. Na amnunulie daftari, aandike humo mambo ya kila siku kwa maneno machache, Mita alisome akiamka. Kusoma alikuwa hajasahau. Mtu wa mita hasahau kusoma.

Machela aliandika kwa taabu, herufi zimesimama kama watu wasioaminiana. Leo ni siku gani, aliandika kwa penseli ili afute. Unaishi kwa shemeji yako. Choo mkono wa kushoto. Pombe umeacha, hata ukiona kiu. Kidonge chako kiko kwenye kikombe cha buluu. Dada yako tulimzika, tulimlilia, wewe uliimba vizuri. Ukitaka habari zake niulize, au nieleze.

Nafasi ikabaki chini ya ukurasa. Alikaa akiitazama. Angeweza kuandika mganga mkuu pale, na karani, na mwenye ufunguo wa stoo, na wote walistahili, na mstari usingetosha. Akaandika: Chupa za sukari nilikuwekea mimi. Sikujua, lakini nilidanganya. Shemeji yako.

Hivyo kila asubuhi Mita huketi kitandani, hufungua ukurasa, hufuata mistari kwa kidole kama anasoma tarakimu za mita. Akifika kwenye mstari wa dada yake, wakati mwingine hutikisa kichwa, wakati mwingine huanza kuimba. Kisha hufika chini. Machela husubiri mlangoni, sufuria ya chai mkononi, na hajui atapata nini, kwa sababu kwa Mita habari hiyo ni mpya kila siku. Kuna siku alimtukana mpaka ukoo wa tatu. Kuna siku alicheka akauliza sukari gani. Kuna siku alimwambia amemsamehe zamani, jambo ambalo halikuwezekana, na Machela akaondoka kwenda kufua mashuka ya watu akiwa mwepesi mpaka saa nne.

Leo Mita alisoma mpaka mwisho, akarudia mstari wa chini, akainua uso.

"Huyu shemeji ni mjinga sana. Ni nani?"

"Ni mimi."

Mita alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mita inayotiliwa shaka. Kisha akanyoosha mkono.

"Basi lete hiyo chai," alisema. "Sukari nitatia mwenyewe."